Shukrani Zilizotoshea Ukurasa Mmoja

Ripoti ya mtahini wa nje ilikuwa na kurasa nne, na sehemu kubwa yake ilinisifu. Alisema data imekusanywa kwa uangalifu, uchanganuzi umekomaa, na Sura ya Nne inafaa kutolewa makala. Chini kabisa, kwenye orodha ya masahihisho, kulikuwa na nambari ya kumi na moja: shukrani zimezidi mno, zipunguzwe ziwe ukurasa mmoja, na jina la mtafitiwa lililotajwa humo liondolewe, kwa kuwa linavunja ahadi ya usiri iliyotolewa katika Sura ya Tatu.

Nilisoma nambari hiyo nikiwa nimeketi mbele ya msimamizi wangu, katika ofisi yake ndogo kwenye tawi la chuo mjini Homa Bay. Alikuwa mzee wa Pwani aliyefundisha huku kwetu miaka mingi, mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Mimi nilimwita Daktari. Yeye aliniita Mwalimu, kwa kuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa karibu na Kosele. Yale masahihisho mengine kumi ningeweza kuyamaliza wiki hiyo hiyo. Marejeleo mawili yalikosa mwaka, jedwali moja lilikuwa na kichwa kisichofaa, mambo ya namna hiyo. Hili la kumi na moja lilinichoma.

Shukrani zangu zilikuwa kurasa saba. Nilikuwa nimeziandika kwa siku mbili baada ya kufunga sura ya mwisho, nikaziingiza kwenye tasnifu asubuhi ya kuiwasilisha kwa watahini, bila kumwonyesha Daktari. Shahada ya uzamili ya miaka miwili ilikuwa imenichukua miaka sita. Katika miaka hiyo nilimzika baba yangu, nilihamishwa shule, nikazaa mtoto wa mwisho, na mara mbili nikaandika barua ya kuacha masomo. Kwa hiyo nilipofika mwisho niliona kila aliyenishika mkono lazima aingie, na aingie kwa heshima zake zote.

Daktari alichukua penseli akaanza kupitia zile kurasa, akitia alama ndogo pembeni. Nilidhani anasahihisha tahajia. Kumbe alikuwa anahesabu.

"Neno machozi liko mara kumi na moja," akasema. "Na umesema maneno hayatoshi mara nne, Mwalimu. Katika kurasa saba."

Aliniuliza, bila kejeli, ningemwambia nini mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu akiniletea insha kama hiyo. Nikatazama dirishani. Nilijua vizuri ningemwambia nini.

Akanieleza mambo ambayo kwa haki nilipaswa kuyajua. Mwongozo wa chuo unataka shukrani zisizidi ukurasa mmoja, kwa nafasi mbili kati ya mistari na herufi za ukubwa wa kumi na mbili, yaani maneno kama mia mbili na sabini hivi. Zinakaa baada ya ikirari ya mwandishi na tabaruku kwa wapendwa wake, kwenye zile kurasa za mwanzo zinazohesabiwa kwa tarakimu za Kirumi. Na watu wengi wanaofungua tasnifu, akasema, husoma ukurasa huo kabla ya kitu kingine chochote, wengine husoma huo tu. Angetia sahihi kwenye jedwali la masahihisho mstari kwa mstari. Kama mstari wa kumi na moja haungetimia, tasnifu haingepelekwa kwenye bodi ya shahada za uzamili, na bodi ilikuwa inakaa baada ya wiki tatu.

"Na lile jina?" nikauliza.

Daktari aliweka penseli chini. Akasema hilo halikuwa suala la urefu. Hilo ni suala la ahadi, na ahadi niliitoa mimi, kwa maandishi.

Lazima nieleze tasnifu yenyewe ilihusu nini, la sivyo uzito wa jina hilo hautaeleweka. Nilitafiti jinsi wahudumu wa afya na wagonjwa wanavyozungumza kwa Kiswahili katika kliniki mbili za watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, moja upande wa Homa Bay na nyingine upande wa Migori. Huku kwetu muuguzi anaweza kuwa ametoka mbali, mgonjwa ni Mjaluo au Mkuria, na Kiswahili kinakaa katikati yao kama lugha ya kuazima. Nilitaka kujua nini kinapotea hapo katikati. Kila aliyekubali kuzungumza nami alitia sahihi au kidole gumba kwenye fomu ya ridhaa, na fomu hiyo ilisema kwamba jina lake halitaonekana popote.

Huko Kegonga, upande wa Migori, nilikutana na mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi sokoni. Alikuwa na umri wa mama yangu, mrefu, mwenye kicheko cha kukohoakohoa. Katika mahojiano ya kwanza alinisimulia siku alizoanza dawa. Kwenye pakiti kuliandikwa kutwa mara mbili, na muuguzi alimsomea hivyohivyo. Yeye hakulijua neno kutwa. Alisikia kutua, jua linapotua. Kwa miezi mitatu alimeza vidonge vyote viwili kwa pamoja jioni, akiwa amesimama mlangoni pa nyumba yake akilitazama jua, asije akakosea saa.

Nilipomsikia akisema hivyo kalamu ilisimama mkononi. Sura ya Nne yote ilitoka hapo. Yeye mwenyewe, baada ya kugundua kosa lake, alikuwa amejipa kazi: kila siku ya kliniki alikaa kwenye benchi na wagonjwa wapya akawauliza kwa Kikuria, "Umesikia nini?" Hakuwauliza wameambiwa nini. Tofauti hiyo ilinichukua mimi miaka miwili ya kusoma nadharia kuielewa, na yeye alikuwa nayo tayari.

Siku ya mwisho nilipomuaga aliniuliza kama jina lake litakuwa kwenye kitabu. Nikamweleza kuhusu usiri. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi sijaficha. Uniandike, mwalimu." Nilicheka tu, nikamwambia tutaona. Mwaka uliofuata nilipiga simu kumjulia hali, simu ikapokewa na binti yake, akaniambia mama alikuwa amezikwa wiki mbili zilizopita. Ni nimonia, ilimchukua kwa siku chache.

Ndiyo maana nilimwandikia kurasa mbili nzima kati ya zile saba, jina lake la ubatizo na la ukoo, na mateso yake yote, na machozi yangu yote.

Wiki ya kwanza niliipoteza kwa ukaidi. Nilipunguza herufi hadi kumi, nikabana mistari, nikavuta pambizo pande zote, na bado zilijaa kurasa tatu. Siku moja wakati wa mapumziko, katika chumba cha walimu, nilitazama kwenye kompyuta kile nilichokuwa nimekifanya nikajionea haya. Mwaka huo huo nilikuwa nimemrudishia mwanafunzi insha yake kwa sababu alibana mwandiko ili nisione imezidi.

Nikafuta hila zote, nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikachapisha zile kurasa saba. Nikachukua daftari la mazoezi, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto niliorodhesha kila mtu niliyemshukuru. Walifika arobaini na mmoja. Upande wa kulia niliandika kitu kimoja tu: alifanya nini kwa kazi hii. Sikuruhusu maneno kama upendo, moyo wa dhahabu au nguzo. Kitendo.

Karibu nusu ya upande wa kulia ilibaki tupu. Kulikuwa na diwani mmoja ambaye nilimshukuru kwa sababu alikuwa diwani. Kulikuwa na kikundi cha kwaya. Kulikuwa na aya ndefu kwa Mwenyezi Mungu, ambayo kwa kweli ilikuwa sala, na sala ina mahali pake. Nikamwachia Mungu sentensi moja ya kwanza, nikaona haikupungukiwa na kitu.

Kulikuwa pia na shukrani za namna nyingine, na hizo zilinishtua nilipozisoma kwa macho makavu. Nilimshukuru mwalimu mkuu wa zamani "kwa kuninyima ruhusa na hivyo kunifundisha uvumilivu." Nilimshukuru wifi yangu "aliyesema mwanamke wa watoto wanne hana kazi na vitabu." Nilipoandika niliona nimewaweza. Sasa nikaona watu wawili wenye kinyongo wakiwa wamekaa kwenye ukurasa uleule na Mungu na msimamizi wangu, na mwenye kinyongo kikubwa kuliko wote alikuwa mimi. Nikawakata kwa mstari mmoja mnene.

Baba yangu alikuwa na aya tatu. Nilikaa naye muda mrefu. Mwishowe nilikumbuka kuwa tasnifu ina ukurasa wa tabaruku, na kwamba nilikuwa nimeutumia kuweka maneno ya jumla kuhusu wapenzi wote wa Kiswahili. Nikayafuta. Nikaandika: Kwa baba yangu, aliyenifundisha kusoma kwa karatasi za kufungia sukari. Basi. Aya zake tatu zikatoka kwenye shukrani, na yeye akapata ukurasa wake peke yake.

Mume wangu nilimwomba asome sehemu yake mwenyewe. Ni fundi wa mawe, mtu wa maneno machache. Ilikuwa Jumamosi adhuhuri, ameketi kwenye kigoda nje, akasoma ukurasa wake mzima akifuata mistari kwa kidole. Niliandika humo kwamba alipika, aliwaogesha watoto, alipiga pasi sare zao, na kwamba alivumilia upweke wa ndoa yetu kama mfia dini.

"Hii ya mfia dini ondoa," akasema. "Na pasi pia. Wale vijana wa kazini wakisoma nitaenda wapi?"

Nikamuuliza basi niseme nini. Akafikiri, akazungusha ile karatasi.

"Sema nilishika nyumba ukiwa huko. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Ndivyo ilivyokuwa. Ukurasa mzima ukawa maneno machache, na nilipoyaandika aliyasoma mara mbili kisha akanirudishia, uso wake umelegea kama mtu aliyeshushwa mzigo.

Ikabaki ile sehemu niliyokuwa naikwepa. Nilikuwa nimefika maneno mia tatu na kumi, na mama wa Kegonga alikuwa bado na jina lake. Nilijiambia nitamtetea. Nilikuwa na hoja: alitaka mwenyewe, hakuwa hai, hakuna wa kuumia. Nilimpigia Daktari nikazitoa hoja hizo zote. Alinisikiliza, kisha akauliza maswali mawili. Ridhaa ya jina aliiweka sahihi wapi? Na wale watafitiwa wengine kumi na mmoja waliokaa naye kwenye benchi lile, ambao kijiji kizima kinajua walikuwa wanakaa naye, nimewauliza?

Sikuwa nimewafikiria. Ukimtaja yeye umetaja benchi zima.

Bado sikutaka kumfuta nikiwa nimekaa Kosele. Jumamosi iliyofuata nilitoka mapema, nikapitia Migori, na kabla ya saa sita nilikuwa Kegonga. Binti yake anauza nguo za mitumba kwenye kibanda kilekile cha soko ambako mama yake alikuwa na ndizi. Alikuwa amening'iniza magauni ya watoto kwenye kamba, akaniona kabla sijamwita.

Aliniletea kiti na chai ya maziwa. Nikamweleza kila kitu, kwamba kitabu kimekubaliwa, kwamba mama yake aliniomba aandikwe, kwamba wakubwa wamekataa, na kwamba nimekuja kusikia yeye anasemaje. Mwanzoni alifurahi. Akasema mama aliwahi kumwambia kuna mwalimu Mjaluo atamweka kwenye kitabu, na yeye akadhani ni maneno ya mgonjwa. Akasema niandike tu.

Kisha akauliza, "Hiyo kitabu itasomwa na nani?"

Nikamwambia ukweli. Nakala itakaa maktaba ya chuo, na nyingine itawekwa kwenye mtandao wa chuo. Mtu yeyote akiandika jina la mama yake kwenye simu anaweza kuletewa ukurasa huo, na kichwa cha tasnifu kinasema wazi ni utafiti wa kliniki gani.

Mteja alikuja akaulizia suruali, akajibiwa, akaenda. Binti wa marehemu akakunja gauni moja dogo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Msichana yangu ako kidato cha pili, anakaa bweni," akasema. "Tulimpatia jina ya nyanya yake. Jina zote mbili, vile ilikuwa."

Nikaelewa kabla hajaendelea, lakini alitaka kulisema.

"Mama hakuwa mwoga, mwalimu. Lakini hiyo jina si yake peke yake sasa. Akina dada wa shule wakiiona kwa simu, watasema ni nani?"

Nilimwambia basi, nimesikia, halitaandikwa. Nilijisikia nimepoteza kitu na wakati huohuo nimezuiwa nisitumbukie shimoni. Nilikuwa nimebeba ule ukaidi wangu kwa wiki mbili nikiuita uaminifu. Kumbe kulikuwa na mtoto wa kidato cha pili ambaye sikuwa namjua, na angelipa yeye.

Akaniuliza sasa kitabaki nini cha mama. Nikatoa karatasi kwenye mkoba nikamsomea sentensi niliyokuwa nimeijaribu badala ya kurasa mbili. Ilisema kwamba namshukuru mama mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi moyoni, aliyeteseka kwa kutoelewa lugha, na ambaye mateso yake yalikuwa mwanga kwangu.

Alinikatiza kwa upole. Akasema mama yake hakupenda kuitwa mtu wa mateso. Hata siku za mwisho aliwafukuza waliokuja kumlilia.

"Usiseme aliteseka," akasema. "Sema alifundisha. Alikuwa anafundisha watu hapo."

Nimekuwa mwalimu kwa miaka kumi na minane na nimeandika kwenye vitabu vya wanafunzi maelfu ya masahihisho. Sikumbuki kama niliwahi kuandika moja lililo sawa hivyo. Nikakaa palepale kwenye kiti cha kibanda, nikaandika sentensi upya juu ya goti. Nilifuta mateso, nikafuta mwanga, nikafuta moyoni. Niliweka alichofanya. Nikamsomea. Akaniomba nirudie sehemu moja, nikarudia, akatikisa kichwa kukubali na kuinuka kumhudumia mteja mwingine.

Sikuitaja Kegonga kwenye sentensi hiyo, wala ndizi, wala soko, kwa sababu ukiweka vitu hivyo vitatu pamoja huhitaji jina.

Jumapili baada ya ibada nilimaliza. Nilipanga kwa utaratibu unaozoeleka, Mungu kwanza, kisha chuo na waliosimamia kazi, kisha waliofungua milango ya kliniki, kisha watafitiwa, mwisho familia. Nilifuta kila "ningependa kuchukua nafasi hii", maana nafasi tayari nilikuwa nimeichukua. Nilifuta "kwa namna ya pekee" mahali panne, kwa kuwa kila mtu hawezi kuwa wa pekee. Kisha nikasoma kwa sauti jikoni, mara tatu, na kila niliposikia sauti yangu inatetemeka nilirudi kwenye sentensi hiyo kuona kama nimesema jambo au nimejililia tu. Ukurasa wenyewe ulikuwa hivi. Majina yaliyokuwamo nimeyaondoa hapa:

"Namshukuru Mungu aliyenijalia afya na subira ya kuimaliza kazi hii.

Msimamizi wangu alisoma kila sura zaidi ya mara moja na kuirudisha ikiwa na maswali. Maswali hayo ndiyo yaliyoikomaza tasnifu, na namshukuru kwa kutonionea huruma. Nawashukuru wahadhiri wa idara ya Kiswahili kwa maoni yao katika semina, na wahudumu wa maktaba walionitafutia makala nisizoweza kuzipata peke yangu.

Wasimamizi wa kliniki mbili waliniruhusu kukaa katika vyumba vyao vya kazi na kusikiliza. Wauguzi walikubali maneno yao yarekodiwe na kuchunguzwa, jambo ambalo si rahisi kwa mtu yeyote aliye kazini. Nawashukuru wote.

Shukrani zangu kubwa ni kwa wagonjwa walionieleza walichosikia. Niliahidi kutowataja, nami naitimiza ahadi hiyo. Mmoja wao hakuishi kuiona kazi hii. Aliwafundisha wenzake kuulizana wamesikia nini badala ya wameambiwa nini, na Sura ya Nne imejengwa juu ya swali lake. Yeye ni mwalimu wangu.

Mume wangu alishika nyumba nilipokuwa nje yake. Watoto wetu walijifunza mapema kunong'ona. Dada yangu alikaa na mtoto mchanga siku zote za mahojiano. Walimu wenzangu walibeba vipindi vyangu nilipokuwa nyanjani. Bila wao kazi hii isingekamilika.

Makosa yaliyobaki ni yangu."

Nilipochapisha kwenye duka la kompyuta pale Oyugis, mstari wa mwisho ulikaa juu kidogo ya ukingo wa chini wa karatasi. Dada mwenye duka aliniuliza kama nataka apunguze herufi ili ibaki nafasi. Nikamwambia hapana, iko sawa.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa Homa Bay tena. Daktari alisoma ukurasa akiwa amesimama. Kwenye rasimu ya zamani nilikuwa nimemwita jabali la lugha, bahari isiyokauka na baba wa taaluma. Sasa alifika pale palipoandikwa kuhusu kutonionea huruma, akavua miwani, akaifuta kwa shati lake, akaivaa tena.

"Huruma nilikuwa nayo," akasema polepole. "Lakini uliyoandika ni kweli."

Akaendelea hadi kwenye aya ya wagonjwa. Hapo alichukua muda mrefu kuliko aliouchukua kwenye zile kurasa saba za awali. Aliniuliza kama familia imeridhika. Nikamweleza habari za Kegonga, za mjukuu, na za binti aliyenisahihisha. Alikaa, akavuta jedwali la masahihisho, akapitia mistari kumi ya kwanza akitia sahihi harakaharaka. Kwenye wa kumi na moja, safu ya hatua iliyochukuliwa, nilikuwa nimeandika: zimepunguzwe. Akazungushia kosa hilo la tahajia kwa penseli, akanisubiri nilisahihishe mbele yake, ndipo akatia sahihi.

Bodi ilipitisha. Nilipeleka nakala za kujalidiwa kwa jalada gumu, na baada ya wiki moja nikaziwasilisha.

Watu thelathini na kitu hawakuingia kwenye ukurasa ule. Wengine hawatajua kamwe kwamba waliwahi kuwa ndani. Lakini kulikuwa na kama kumi ambao upande wao wa kulia wa daftari haukuwa tupu, ila nafasi iliisha: mpishi wa shule aliyenihifadhia chakula, jirani aliyenifundisha kutumia programu ya marejeleo, yule mtumishi wa kanisa aliyenipa ufunguo wa ukumbi nipate mahali pa kusomea. Hao nimekuwa nikiwaendea mmoja mmoja. Sipeleki karatasi. Naketi, namwambia mtu alichofanya na kilinisaidia wapi, naondoka. Inachukua dakika tano, na ni kazi ngumu kuliko kuandika.

Wifi yangu ndiye wa mwisho kwenye orodha hiyo. Hakuwa na haki ya kuwamo, lakini nimemkumbukia jambo moja ambalo sikuliandika popote katika zile kurasa saba: wiki ya mazishi ya baba alikamua ng'ombe wetu kila asubuhi bila kuombwa. Nimemwambia nitapita kwake Alhamisi.